Kioo Kimoja, Nakala Tatu

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuwakatalia watu kwa adabu. Sikuajiriwa kwa maneno hayo, bila shaka. Niliajiriwa kuwa karani wa studio ya picha pale Kindu, katika Maniema, si mbali na stesheni ya reli, miaka ile ya baada ya vita ambapo Wabelgiji walikuwa bado wanaamini watakaa milele, na wengi wetu tukiamini pamoja nao. Nilipokea wateja, nilikata picha kingo, nilikausha karatasi. Lakini kila siku ilinibidi pia kukaa mezani na kuandika majibu ya barua, na barua zote zilikuwa zinaomba kitu kimoja: kupunguziwa.

Mwenye studio alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mji, aliyejifunza kupiga picha kwa Mreno mmoja huko Stanleyville. Alivaa kanzu safi siku zote, hata mikono yake ikiwa imegeuka rangi ya kahawia kwa dawa za kusafishia picha. Alikuwa mpole, na alikuwa mgumu, na mambo hayo mawili hayakumsumbua hata kidogo kukaa pamoja.

Yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kukataa. "Usimwandikie muntu *hapana*," aliniambia. "Ile neno itamuchoma, na hatarudi tena. Anza na asante. Kisha sema masikitiko. Kisha sema sababu moja tu, ukimupa tatu atajua unatunga. Halafu palepale, mbele hajavuta pumzi, umuletee kitu kingine kidogo." Na kanuni kubwa kuliko zote: bei ya kitu kilekile haishuki. Ukimshushia mmoja, kesho mji mzima utakuja na bei ya yule mmoja. Mteja akitaka kulipa kidogo, mpunguzie vitu, si bei. Mwondolee safari, mwondolee nakala, mwondolee picha, mpaka mkutane pale fedha zake zilipo. Nilijifunza haraka. Nikawa fundi wa kusikitika.

Barua ya bwana mmoja wa Kampene ilifika na dereva wa gari la mgodi. Alikuwa karani wa ghala huko kwenye migodi ya bati, na ungemjua ni karani kabla ya kumaliza mstari wa kwanza, kwa maana salamu zake peke yake zilijaza nusu ukurasa. Alimtakia mwenye studio afya, na familia yake afya, na biashara yake afya. Kisha akaeleza haja yake. Alitaka tumwendee Kampene tukapige picha sita, kila moja nakala mbili. Alizipanga zote: mke wake na mama mzazi wa mke huyo. Mke wake na yeye mwenyewe. Mtoto na bibi yake. Mtoto na wazazi wake wawili. Mke peke yake. Mtoto peke yake. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa mshahara mdogo na mwenye studio ni mtu wa moyo mkubwa, aliomba kazi hiyo yote kwa nusu ya bei.

Mwenye studio alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu anataka kitabu kizima! Mutoto peke yake, muke peke yake, mutoto na bibi. Kwa nini hawawezi kusimama wote mara moja kama bantu bengine?"

Nami nilicheka. Nilimfikiria kuwa ni mmoja wa wale mabwana wapya wa tai na viatu vya kung'aa, wanaotaka kutundika sura zao ukutani kama gavana.

Nusu bei ilikuwa haiwezekani hata kama tungempenda kama ndugu. Safari ya Kampene ni kuvuka mto kwa kivuko, kisha kupanda gari la mizigo kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha haina tofauti na shamba la mpunga, na studio imefungwa siku zote hizo. Karatasi ilitoka ng'ambo. Dawa zilitoka ng'ambo. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo hatukuiandika. Vioo vilikuwa vimekwisha. Kamera yetu kubwa haikutumia filamu ya kuzungusha, ilitumia vioo vilivyopakwa dawa, kioo kimoja picha moja, na kasha jipya lilikuwa bado liko njiani upande wa reli ya kusini, hakuna aliyejua ni stesheni gani. Vioo vilivyobaki kabatini vilikuwa vimelipiwa na serikali kwa picha za vitambulisho vya wafanyakazi. Cha kwetu kilikuwa kimoja.

Hilo huliandiki. Duka halimwambii mteja kwamba rafu zake ni tupu, ni aibu. Kwa hiyo nilikaa nikaandika kama nilivyofundishwa:

*"Bwana Mheshimiwa, tumepokea barua yako kwa furaha nyingi, na tunakushukuru kwa kutukumbuka sisi kati ya wapiga picha wote. Tunasikitika kwamba, kwa ajili ya gharama za vitu vinavyotoka ng'ambo, hatutaweza kufanya safari na picha sita kwa bei uliyotaja. Lakini kwa kuwa tunapenda sana kukuhudumia, tunakuwekea jambo hili: ukifika wewe mwenyewe hapa Kindu pamoja na jamaa zako, tutawapigia picha moja kubwa ya watu wote, tena kwa nakala tatu safi, kwa bei ileile ambayo ungeweza kuitoa. Tutakuwekea nafasi hiyo mpaka mwisho wa mwezi. Tafadhali utujibu kwa dereva huyuhuyu."*

Mwenye studio aliisoma mara mbili na kuipiga muhuri. Ilikuwa barua nzuri. Nasema hivyo mpaka leo, na mpaka leo inaniudhi kwamba ilikuwa nzuri.

Jibu lake lilirudi upesi, fupi kuliko la kwanza. Alishukuru. Alisema wanakuja.

Walifika asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Wa kwanza kuingia uani alikuwa yeye, karani wa ghala, mwembamba, suti imekunjamana kwa safari, na viatu havikung'aa hata kidogo. Alinisalimu kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuja mke wake, amemshika mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Nilipomwona mke nilisimama bila kujua kwamba nasimama. Alikuwa kijana. Kitenge kilikuwa kipya na mwili ndani yake ulikuwa umekwisha. Alitembea hatua chache, akapumzika, akatembea tena, akitabasamu kila alipopumzika ili asitusumbue.

"Bwana karani," mume akaniambia polepole, "muke wangu anapanda treni kesho. Daktari wa kampuni anamutuma lopitalo kubwa kule kusini. Ni kifua. Muganga musaidizi atamusindikiza na bagonjwa bengine. Mutoto atabaki kwa bibi yake."

"Atapona," nikasema.

"Ndiyo, atapona," akasema yeye.

Hakuliandika hilo kwenye barua yake. Nilielewa kwa nini. Ukimweleza mfanyabiashara kwamba mke wako ni mgonjwa, unakuwa umeomba sadaka, na yule hakuwa mtu wa kuomba sadaka. Aliomba kupunguziwa bei, kama muungwana. Sisi tulimficha vioo vyetu na yeye alituficha mgonjwa wake, wote wawili kwa adabu kamili.

Kisha mama mkwe akafika mlangoni, na mume akatoweka.

Sisemi aliondoka. Alitoweka. Alizunguka nyuma ya jiko la uani kwa kasi ya mtu aliyeona nyoka, na mama yule, bibi mrefu mwenye mvi, akateremsha kanga kutoka kichwani mpaka puani na kugeukia ukuta. Hapo ndipo ile orodha ya picha sita ilinirudia yote, moja moja. Mke na mama yake. Mke na mume wake. Mtoto na bibi. Hakuna hata moja ambayo ilimweka mkwe na mama mkwe pamoja. Kwa watu wa kule kwao, mkwe haketi na mama mkwe wake, hali chakula naye, hamtazami usoni; akimwona njiani anaingia porini. Hata kwenye gari la mgodi, nilikuja kusikia, yule bibi alikaa mbele na dereva, na mume alikaa nyuma kabisa juu ya magunia, akitazama barabara waliyoiacha. Mambo haya niliyajua, nani asiyeyajua katika Maniema? Lakini mtu haandiki habari za mama mkwe wake kwa watu baki akieleza kwamba hawawezi kuonana. Ni kumvunjia heshima. Aliandika picha sita, akatumaini tutaelewa.

Na sisi tukamjibu kwa picha moja kubwa ya watu wote.

Nilimfuata mwenye studio ndani, nikamweleza. Akakaa chini kwenye kiti cha wateja. "Basi tutumie kioo cha serikali," nikasema. "Kimoja tu. Mimi nitalipa kwenye mshahara wangu."

"Utalipa na nini? Iko kioo dukani unaweza kununua? Bamelipa, bamehesabu. Karani wa bwana teritware anakuja kesho na bantu bake. Kikikosa kimoja nitasema nini, nilikula?" Teritware ndiye Mbelgiji aliyetawala wilaya, na mwenye studio alijua jela ya Kindu ilivyo.

"Tuzibe nusu ya kioo, tupige upande mmoja, kisha upande wa pili. Tutakata karatasi katikati," nikasema.

"Kamera yetu haina kile kibao cha kuzibia. Nilijaribu na kartoni harusi moja, mwangaza ukapita, bibi harusi akaungua uso wote. Hiki kikiharibika, hata hiki hawana." Akavua miwani na kujifuta macho. "Basi wasimame wote. Kwenye foto hawatazamani, wanatazama mimi."

Nikatumwa kupeleka shauri hilo. Nilimwendea yule bibi, naye bado ameuelekea ukuta, nikamweleza kwamba mkwe wake atasimama upande ule, yeye upande huu, katikati mtoto na mama yake, na tukipenda tutatundika shuka baina yao mpaka dakika ya mwisho. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "siku shuka itatoka, sisi tutabaki pale, siyo? Kwenye karatasi. Kila muntu atakayefika nyumbani ataniona nimesimama na mukwe wangu. Mwaka huu, na mwaka mwingine. Mimi nitakufa na nitakuwa bado nimesimama naye."

Nilikwenda nyuma ya jiko kwa mume.

Hapo yakaanza mashindano ya heshima ambayo sijaona mengine kama hayo. Mume alisema yeye atatoka. Bibi aingie na binti yake na mjukuu wake. Lakini hawezi kumwambia mama mkwe, kwa hiyo alimwita mtoto na kumwambia kwa sauti, ili bibi asikie kule ukutani: "Mutoto wangu, umwambie bibi baba yako hapendi foto. Uso wake ni mubaya. Ni bibi njo akae na mama, si mimi." Mtoto alikimbia, akasahau yote njiani, akamletea bibi jani. Bibi naye alikuwa ameshasikia. Akamwambia mtoto, kwa sauti vilevile: "Umwambie baba yako ni yeye alitoa makuta yake ya mushahara, ni yeye alituleta. Mimi ni muzee, foto ya muzee ni ya nini? Yeye njo asimame na muke wake." Mtoto akakimbia tena, safari hii na jiwe.

Wakarudiana hivyo. Kila mmoja alimpa mwenzake nafasi, na kila mmoja alikataa, kwa upole, kwa shukrani, na kwa sababu moja nzuri. Nilisimama katikati ya ua na kuwasikiliza, na niliona hasira inanipanda, hasira isiyokuwa na mtu wa kumwangukia. Kila mtu pale alikuwa mwema. Mwenye studio, mume, bibi. Hata mimi. Nilitamani angekuwepo mmoja mbaya tumpigie kelele. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa mto, na bila jua kioo chetu hakikuwa na kazi. Picha za ndani tulizipiga kwa mwanga wa uani tu, hatukuwa na taa za umeme.

Mke alikuwa amekaa kwenye kile kiti tulichomwekea mbele ya pazia. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anangoja wamalize, kama mtu anavyongoja wakubwa wamalize kusemezana, na alipoona hawatamaliza, akaniita kwa mkono.

"Bwana karani. Weye njo uliandika ile barua?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu alinisomea. Ni barua nzuri sana." Hakuwa ananidhihaki. Akapumzika. "Foto ni ya mutoto. Si ya mwingine. Kwa hiyo uwaambie baache kugombana. Mutoto atakuwa na bibi yake, atamuona kila siku. Na baba yake atamuona. Bale hahitaji foto yao." Akamvuta mtoto magotini, akamtoa jani jingine mkononi, akamfuta pua kwa pindo la kitenge. "Mimi njo hatanikuta. Utupige mimi na yeye."

Alilisema kwa sauti ya kawaida. Ua wote ulisikia.

Katika watu wetu, mgonjwa akisema neno kama hilo, kuna majibu yake. Mtu husema: usiseme hivyo. Husema: Mungu yuko. Husema: utarudi, utamlea mtoto wako, utaona harusi yake. Hata asiyeamini husema, ndiyo adabu. Nilingoja mume aseme. Alikuwa ametoka nyuma ya jiko bila kujua, amesimama wazi, na bibi alikuwa amegeuka kutoka ukutani, kanga imeshuka mabegani, na kwa kitambo kile wakawa wanatazamana uso kwa uso, mkwe na mama mkwe, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba anamtazama mwenzake.

Mimi nilikuwa nakula kwa kazi ya kuandika majibu mazuri. Nilitafuta moja. Nilitafuta asante, nikatafuta masikitiko, nikatafuta kile kitu kidogo cha kumpa mtu badala ya alichokosa. Nilikuwa nimeshampa. Kioo kimoja, nakala tatu.

"Umuweke mutoto sawa," mwenye studio akasema kutoka nyuma ya kamera. "Mama, utazame hapa. Usivute pumzi kidogo tu."

"Nitajaribu," akasema, na akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili ili asitikisike.